Picha ya sahani ya mzee anayemeza kwa shida: inasema nini, na inanyamazia nini

*"Baba yangu ana miaka 79. Tangu apate kiharusi mwaka jana humeza kwa shida, na hospitali ilimwandikia chakula cha daraja la 5 na vinywaji vizito vya daraja la 2. Mimi naishi mbali. Dada anayemhudumia hunitumia picha ya sahani kila mchana kabla ya kumlisha, nami humjibu 'sawa' au 'bado'. Picha ya leo ina viazi vya kuponda, nyama ya kusaga na karoti zilizokatwa vipande vidogo, na mchuzi umezunguka pembeni. Kwa macho yangu vyote ni laini. Je, kweli naweza kujua kwa picha kama chakula kinamfaa? Hakohoi sana, ila mlo humchukua karibu saa nzima."*

Kwa picha unaweza kukikataa chakula, lakini huwezi kukipitisha. Yapo makosa ambayo jicho huyanasa hata kwenye picha ya simu: kipande kikubwa kupita kiasi, ganda la njegere, mfupa, mchuzi mwepesi uliojitenga na nyama. Ukiyaona, jibu "bado" bila kusita. Lakini sifa zinazoamua kama tonge litapita salama kooni hujulikana kwa kugusa. Chakula kinabonyea kwa nguvu kiasi gani, kinanata kiasi gani, kinashikamana au kinasambaratika mdomoni, majimaji yake yanakimbia kwa kasi gani: hayo picha haiyabebi. Ukijibu "sawa" kwa kutazama tu, unampa dada uhakika ambao wewe mwenyewe huna.

Picha ya leo, kwa jinsi ulivyoieleza, mimi ningeijibu "bado". Karoti na mchuzi vinatosha kuikataa. Nyama ningeiulizia kwanza. Viazi, ambavyo ndivyo vinavyoonekana salama kuliko vyote, ningeomba vijaribiwe kwa kijiko. Tuvipitie kimoja kimoja, maana kila kimoja kina hatari ya namna yake.

Kwanza, maana ya ile namba 5. Hospitali nyingi hutumia mpango wa kimataifa wa IDDSI, unaopanga vinywaji na vyakula kuanzia daraja 0 hadi 7. Kwenye 0 kuna maji ya kawaida, na kwenye 7 chakula cha kawaida cha mtu asiye na tatizo. Daraja la 5 ni chakula kilichosagwa au kupondwa, chenye unyevu, ambacho mtu hahitaji kukiuma. Anachohitaji ni kukitafuna kidogo tu, au kukiponda kwa ulimi. Kwa mtu mzima, punje zake hazizidi milimita 4 kwa upana na milimita 15 kwa urefu. Hiyo milimita 4 imechaguliwa kwa sababu inakaribia ukubwa wa punje za chakula ambacho mtu mzima amekwisha kukitafuna na yuko tayari kukimeza. Kwa maneno mengine, jikoni pamefanya kazi ambayo meno na ulimi wa baba haviwezi tena kuikamilisha. Kipande kikubwa kikimfikia, kazi hiyo inarudishwa kwake.

Ndiyo maana naanza na karoti. "Vipande vidogo" vinavyokatwa kwa kisu huwa na upana wa milimita 8 hadi 10, mara mbili na zaidi ya kipimo. Kwenye picha vinaonekana vidogo kwa sababu hakuna kitu cha kuvilinganisha navyo. Sahani kubwa hukifanya kipande kionekane kidogo, na sahani ndogo hukikuza. Dawa yake ni nyepesi: dada aulaze uma juu ya chakula kabla ya kupiga picha. Nafasi kati ya meno ya uma wa kawaida wa mezani ni kama milimita 4, kwa hiyo uma huo ni rula ambayo tayari iko mezani. Kipande kilicho kipana kuliko nafasi hiyo hakijafika daraja la 5, hata kama kimepikwa kikaiva vizuri.

Ukubwa ni nusu tu ya swali la karoti. Nusu nyingine ni ugumu, na hapo picha haisaidii kabisa, kwa sababu karoti iliyochemshwa dakika 10 na iliyochemshwa dakika 30 zinafanana rangi na umbo. Kwa baba, karoti zichemshwe mpaka ukizibonyeza kwa uma zisambaratike zenyewe, kisha zipondwe kwa uma huohuo na kuchanganywa na mchuzi mzito kidogo. Zikiachwa kavu hutoa chembechembe ambazo hutawanyika mdomoni badala ya kukusanyika kuwa tonge, na ulimi uliodhoofishwa na kiharusi hushindwa kuzikusanya, hasa upande ule ulioathirika.

Sasa mchuzi uliozunguka pembeni. Watu wengi huuona kama neema: chakula kina majimaji, kitateleza. Kwa mtu mwenye shida ya kumeza, huu ndio ulio hatari zaidi kwenye sahani hiyo, na kueleza sababu yake inabidi tuangalie kinachotokea kooni.

Njia ya hewa na njia ya chakula hutumia mlango mmoja wa nyuma ya mdomo, kisha huachana. Kila unapomeza, zoloto hupanda juu na kwenda mbele, kifuniko chake hulala, nyuzi za sauti hufunga, na pumzi husimama kidogo, chini ya sekunde moja hivi, mpaka tonge lipite. Baada ya kiharusi, mara nyingi amri ya kufanya haya huchelewa. Chakula kizito husubiri nyuma ya ulimi mpaka amri ifike. Kimiminika chepesi hakisubiri. Kinatiririka na kufika kwenye mlango wa njia ya hewa kabla haujafungwa, na hapo ndipo mtu hupaliwa.

Mchuzi mwepesi ukiwa kwenye kijiko kimoja na punje za nyama, mdomo unapewa kazi mbili zinazopingana. Nyama inataka ikae ikatafunwe, na mchuzi tayari umeshatangulia kooni. Baba akiwa bado anashughulika na nyama, mchuzi unaweza kuwa unaingia kwenye njia ya hewa. Ndiyo sababu kwenye daraja la 5 mchuzi lazima uwe mzito, ushikane na chakula, na usijitenge. Supu yenye vipande, nafaka iliyoelea kwenye maziwa, tunda linalomwaga maji likibonyezwa: vyote vina kosa hilohilo.

Hili ni miongoni mwa machache ambayo picha huonyesha vizuri, ila ipigwe kutoka pembeni, simu ikiwa karibu usawa wa meza. Picha ya kutoka juu huficha kina cha majimaji. Ya pembeni hukuonyesha kama kuna kidimbwi chini ya chakula, au kama ukingo wa chakula umezungukwa na utando wa maji. Ukiona kidimbwi, kataa.

Kuurekebisha hakuchukui muda. Kwa kikombe kimoja cha mchuzi, kama mililita 200, koroga kijiko kimoja cha mezani cha wanga wa mahindi kwenye maji baridi kidogo, umimine kwenye mchuzi unaochemka huku ukikoroga, na uache uchemke dakika 2 hivi mpaka uzito uonekane. Ukichovya uma na kuuinua, mchuzi uliofaa hukaa juu ya uma kama kilima kidogo na hauchuruziki mfululizo kati ya meno yake. Ukichuruzika mfululizo, ongeza wanga kidogo na uchemshe tena. Wanga wa mahindi una tabia mbili za kukumbuka. Mchuzi wake huzidi kuwa mzito ukipoa, kwa hiyo jaribio lifanywe ukiwa kwenye joto la kuliwa, si ukiwa jikoni unatokota. Na mate huuvunja wanga. Kijiko kilichotoka mdomoni mwa baba kikirudi mara kwa mara kwenye bakuli, mchuzi uliokuwa mzito huanza kuwa maji katikati ya mlo, na hakuna picha ya kabla ya kula itakayokuonyesha hilo. Dada ateke sehemu ndogo ndogo kwenye kibakuli kingine na kulishia humo, sufuria au bakuli kuu libaki bila kuguswa na mate. Mlo unapochukua muda mrefu kama wa baba, jambo hili lina uzito zaidi.

Nyama ya kusaga hudanganya kwa jina lake. Ilisagwa ikiwa mbichi, lakini ikikaangwa hujikusanya tena kuwa punje ngumu kama changarawe, kavu ndani. Kwenye picha utaiona inang'aa ukadhani ina unyevu, kumbe ni mafuta ya juu. Mafuta hulainisha uso wa punje bila kuzishikanisha. Unachotafuta ni punje zilizozama ndani ya mchuzi mzito, zikishikana kiasi kwamba kijiko kikichota kinatoka na kilima kimoja, si na punje zinazomwagika ovyo pembeni. Njia inayofanya kazi vizuri ni kuipika nyama kwa kuichemsha taratibu kwenye mchuzi, kisha kuirudisha kwenye blenda na kubonyeza kwa vipindi vifupi. Anza na vijiko 2 vya mchuzi mzito kwa kila vijiko 4 vya nyama, uongeze kijiko kimoja kimoja mpaka ishikane. Usiongeze maji matupu ili kuirahisishia blenda kazi. Maji hayo ndiyo yatakayojitenga baadaye na kukurudishia kile kidimbwi tulichokikataa.

Halafu viazi. Kilima cheupe, hakina punje, hakina maji: kwenye picha kinapita. Lakini viazi vikipondwa kupita kiasi, na hasa vikitiwa kwenye blenda, chembe zake hupasuka na kumwaga wanga, navyo huwa kama gundi. Vikipoa huzidi kukaza. Chakula cha kunata hakikimbii kuelekea kwenye njia ya hewa kama mchuzi mwepesi. Hatari yake ni ya upande wa pili: kinagandia kwenye kaakaa au kinabaki kwenye vijishimo vya koo baada ya kumeza, na masalia yale huteleza kuingia kwenye njia ya hewa dakika kadhaa baadaye, wakati mlishaji ameshapumzika na anafuta meza.

Hapa niseme wazi, kwa sababu naona familia nyingi zikiteleza mahali hapa: chakula kizito zaidi si lazima kiwe salama zaidi. Kila unapoongeza uzito, unapunguza mbio za chakula na unaongeza nguvu ambayo ulimi na koo vinahitaji kukisukuma. Mzee mwenye ulimi dhaifu anaweza kuumudu mchuzi mzito wa kiasi na kushindwa na viazi vilivyokaza. Daraja aliloandikiwa baba ni mahali pa kukaa. Kulisogeza juu au chini kwa nia njema ni kosa lilelile.

Viazi hujaribiwa kwa kijiko. Dada achote kijiko kilichojaa, akiinamishe upande, na kama ni lazima akitikise kidogo sana. Chakula kinachofaa hukaa na umbo lake juu ya kijiko, kisha huteleza chote kwa pamoja na kuacha utando mdogo tu. Kikigoma kutoka mpaka kijiko kipigwe ukingoni, kinanata mno. Kikimwagika kabla kijiko hakijainama, ni chepesi mno. Viazi vinavyonata huokolewa kwa maziwa ya moto au siagi, vikiongezwa kijiko kimoja kimoja na kukorogwa kwa mkono.

Nadhani umeshaona tunakoelekea. Picha ya chakula hukwambia machache, ila picha ya jaribio hukwambia mengi. Badala ya kumwomba dada picha nzuri ya sahani, mwombe akupigie picha ya uma na kijiko vikifanya kazi.

Ningemwomba vitu vinne, vyote havizidi dakika 3. Picha ya kwanza ipigwe kutoka pembeni, uma umelazwa juu ya chakula, kwenye mwanga wa dirisha, bila urembo wowote wa kamera. Simu nyingi hulainisha picha zenyewe bila kuombwa, na mwonekano wa punje hupotea, kwa hiyo asogee karibu badala ya kuvuta kwa vidole kwenye kioo. Ya pili iwe ya uma ukikibonyeza chakula, na kidole gumba cha dada kikionekana. Kwenye daraja la 5 punje zinatakiwa kupita kati ya meno ya uma kwa msukumo mdogo, mdogo kiasi kwamba ukucha wa gumba haugeuki mweupe. Ukucha ukipauka, nguvu iliyotumika ni kubwa kuliko ile anayotakiwa kuhitaji baba. Cha tatu ni video ya sekunde 5 ya kijiko kikiinamishwa. Hapo picha ya kawaida haitoshi, maana unataka kuona namna chakula kinavyoondoka. Cha nne ndicho kinachosahaulika zaidi: picha ya sahani ileile baada ya dakika 20, mlo ukiendelea. Hapo ndipo utaona maji yaliyojitenga, viazi vilivyokaza, mchuzi uliolegezwa na mate. Sahani ya saa saba kamili na sahani ya saa saba na dakika 20 zinaweza kuwa madaraja mawili tofauti.

Dada pia achote kutoka katikati na chini ya chungu, si juu tu. Bonge moja lililojificha katikati ya chakula kizuri linatosha kumkaba mtu, na picha huona uso tu.

Kwa vinywaji, usipoteze muda na picha ya kikombe. Rangi ya chai nzito na chai nyepesi ni moja. Kipimo chake ni bomba la sindano la mililita 10, bila sindano. Angalia urefu wa bomba kutoka alama ya 0 hadi alama ya 10: unatakiwa uwe milimita 61.5, kwa sababu mabomba hutofautiana na lisilo sahihi hukupa jibu la uongo. Dada atoe kisukumio, azibe mdomo wa bomba kwa kidole, ajaze kinywaji mpaka mililita 10, aachie kidole kwa sekunde 10, kisha azibe tena na kusoma kilichobaki. Kwa daraja la 2 kinatakiwa kibaki zaidi ya mililita 4 na kisizidi 8. Kikibaki kidogo kuliko hapo, kinywaji ni chepesi kwa baba. Kikibaki kingi zaidi, kimekuwa kizito kupita alichoandikiwa, na mzee anayepewa vinywaji vizito mno huishia kunywa kidogo na kukaukiwa maji mwilini. Picha ya bomba hilo likiwa limezibwa baada ya sekunde 10, alama zikisomeka, unaweza kuiamini. Apime kinywaji kikiwa kwenye joto atakalonyweshwa, na baada ya muda ulioandikwa kwenye kopo la unga wa kuongeza uzito, kwa maana baadhi ya unga huo huendelea kukaza kadiri kinywaji kinavyosimama.

Yote haya yanajibu swali moja: je, chakula hiki ni daraja la 5? Lipo swali la pili, na ndilo lililonishtua kwenye barua yako: je, daraja la 5 bado linamfaa baba? Sahani inaweza kupita majaribio yote na bado isiwe yake. Hilo halisomwi kwenye sahani, linasomwa kwake.

Umeandika kwamba hakohoi sana, na unaonekana kupata faraja hapo. Kikohozi ni ulinzi. Kinatokea pale koo linapohisi kwamba kitu kimeingia pasipo pake. Kiharusi kinaweza kuua hisia hiyo, na chakula au kinywaji kikaingia kwenye njia ya hewa kimyakimya, bila kikohozi wala machozi. Kwa hiyo kukohoa ni onyo, lakini kutokohoa si cheti. Dalili za kuangalia kwa mtu asiyekohoa ni nyingine: sauti inayogeuka ya majimaji baada ya kumeza, kama anayezungumza na kitu kooni, pumzi kwenda haraka wakati au baada ya mlo, chakula kubaki shavuni, homa za mara kwa mara zisizo na sababu, kifua kukoroma, uzito kupungua. Mwombe dada amfanye baba aseme "aaa" baada ya vijiko vichache, na akague mdomo wake mlo ukiisha. Ukitaka video ya baba akila, mwombe yeye mwenyewe ruhusa kwanza. Ni mzee, si mgonjwa wa maonyesho, na mtu anayerekodiwa bila kuambiwa hula vibaya zaidi.

Na ule mlo wa saa nzima. Mlo ukizidi dakika 30 mara kwa mara, misuli ya kumeza inachoka, na vijiko vya mwisho humezwa vibaya kuliko vya kwanza. Inawezekana sababu ni chakula chenyewe: ikiwa karoti na nyama vimekuwa kama vya leo, baba amekuwa akifanya kazi ya kutafuna asiyoiweza. Tengenezeni chakula kama nilivyoeleza kwa siku 3 au 4 na mpime muda. Ukishuka, mmepata jibu. Wakati huohuo, gawa mlo: badala ya sahani tatu kubwa, milo midogo 5 au 6 kwa siku, baba akiwa ameketi wima, kidevu hakijainuliwa juu, na akae hivyohivyo angalau dakika 30 baada ya kula.

Muda usiposhuka, au hata moja ya zile dalili za mtu asiyekohoa ikionekana, baba anatakiwa apimwe upya ana kwa ana na mtaalamu wa tiba ya usemi na kumeza, na usisubiri tarehe ya kliniki iliyo mbali. Hali ya kumeza baada ya kiharusi hubadilika. Wapo wanaopona wakaruhusiwa daraja la juu, na wapo wanaoshuka, hasa baada ya ugonjwa mwingine au dawa mpya inayoleta usingizi au kukausha mdomo. Mtaalamu akihitaji kuona ndani, anaweza kuagiza eksirei ya video, ambapo mgonjwa humeza chakula kilichochanganywa na dawa inayoonekana kwenye mionzi, au kamera nyembamba inayopitishwa puani kutazama koo. Hivyo ndivyo vipimo vinavyoweza kumnasa anayepaliwa kimyakimya. Nenda na zile picha za uma na video za kijiko, pamoja na daftari la siku chache lenye muda wa kila mlo na kiasi alichokula. Humwonyesha mtaalamu kile kinacholiwa nyumbani hasa, ambacho mara nyingi ni tofauti na kilichoandikwa kwenye karatasi.

Homa pamoja na kupumua kwa shida au kifua kinachokoroma ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, kwa maana inaweza kuwa nimonia. Na baba akikabwa ghafla, akawa hawezi kusema, kukohoa wala kupumua, dada asimpe maji na asiingize vidole mdomoni kutafuta asichokiona. Amwinamishe mbele na kumpiga mapigo 5 makali kati ya mabega kwa kiganja. Kisipotoka, asimame nyuma yake, ambonyeze tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara 5, abadilishane hivyo huku mtu mwingine akipiga simu ya dharura. Baba akipoteza fahamu, alazwe chini na aanze kukandamizwa kifua. Haya dada ajifunze kwa vitendo kwa mtoa huduma ya kwanza, kwa sababu wewe uko mbali na simu yako haitamfaa dakika hiyo.

Kesho mchana, mjibu hivi: karoti zipondwe, mchuzi uongezwe wanga na uchanganywe ndani ya nyama badala ya kuzungushwa pembeni, viazi vijaribiwe kwa kijiko, kisha akutumie picha ya uma na video ya kijiko kabla ya baba kukaa mezani. Na kama hakuna muda wa kufanya jaribio siku fulani, apewe mlo ambao dada amekwisha kuujaribu na kuuzoea, si mpya.